Kesho unaingia thieta: omba hivi, dadangu

Mama mmoja wa Dunga, muuza samaki, ameniandikia. Jumatatu atalazwa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado huiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Jumanne atafanyiwa operesheni ya kutoa faibroidi. "Dada," anasema, "nikipiga magoti maneno yananikauka. Mama mkwe anataka nifunge kavu siku tatu. Mchungaji ataniletea maji ya maombi ninywe alfajiri. Naogopa, na naona haya kumwambia Mungu kwamba naogopa."

Haya hiyo itue, dadangu. Yesu aliogopa Gethsemane na akalisema ombi lake wazi. Nabii Ayub, wanayemjua pia Waislamu wa Kaloleni, alimtajia Mola dhiki yake bila kuipaka rangi. Sema unachokiogopa, kwa jina lake. Ukishakitaja utagundua kwamba nusu ya hofu yako ina mtu wa kuijibu pale pale wodini.

Nilipomuuliza huyu mama anaogopa nini hasa, jibu halikuwa kisu. Anaogopa kuamka akute kizazi hakipo. Hilo ni swali la daktari kabla halijawa ombi. Kutoa faibroidi na kuacha kizazi kunawezekana kwa wengi, lakini damu ikikataa kukoma, daktari anaweza kulazimika kukitoa ili kuokoa maisha. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu ya idhini, uliza: "Mnatoa uvimbe tu? Ni hali gani itakayowafanya mtoe kizazi? Damu ya kuniongeza ipo?" Muulize daktari mwenyewe, na mumeo au dada yako akiwepo asikie.

Kitakachobaki baada ya majibu hayo ndicho cha kumpelekea Mungu usiku. Nimemwandikia hivi, nawe badilisha upendavyo:

"Mungu wangu, naogopa. Naogopa kulala nisiamke, naogopa kuamka nikiwa nimepungukiwa. Mpe macho daktari wa usingizi asiache kuutazama mpigo wa moyo wangu. Tuliza mkono wa anayepasua. Mkumbushe muuguzi ahesabu vitambaa vyote kabla sijashonwa. Walinde watoto wangu nikiwa sijui kitu. Nataka kizazi changu, Baba, unajua. Lakini nikiamka bila hicho, unishike nisijione nusu mtu. Nirudishe nyumbani. Amina."

Sasa hayo ya mama mkwe na mchungaji. Mwenye faibroidi mara nyingi huwa amepoteza damu miezi mingi. Akifunga kavu siku tatu atafika mezani mwili umekauka, na presha inaweza kushuka vibaya akishapewa dawa ya usingizi. Mwambie mama kwa heshima afunge yeye kwa niaba yako; wewe kula vizuri hadi saa utakayoambiwa na wodi.

Saa hiyo ikifika, acha kabisa. Ukishalazwa usingizi, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana chakula huachwa angalau saa sita kabla, na hata maji matupu saa mbili kabla. Wodi nyingi husema usiguse kitu kuanzia usiku wa manane. Kikombe cha maji ya maombi alfajiri nacho ni kinywaji. Mchungaji aje jioni, unywe mapema. Mafuta akupake kwenye paji la uso, si tumboni ambako ngozi itasafishwa kwa dawa. Na kama ulishakunywa kitu, sema. Operesheni itasogezwa mbele, hakuna atakayekupiga.

Rozari na pete mwachie ndugu, kwa kuwa thieta wanatumia mashine ya umeme kuziba mishipa ya damu, na chuma mwilini kinaweza kukuunguza. Na manyasi uliyokunywa wiki hizi, hata kama unaona aibu, mtajie daktari wa usingizi. Baadhi ya miti huzidisha kuvuja damu.

Kesha pia si lako. Waache wenzako wa kanisa wakeshe nyumbani kwako, wewe omba kwa sauti ya chini kitandani halafu ulale. Ukipewa kidonge cha usingizi, kimeze kama ulivyoelekezwa.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, msije wodini na nyimbo peke yake. Nendeni mkachangie damu kabla ya Jumanne. Hilo ni ombi ambalo jibu lake liko mikononi mwenu.