Miaka 12 Katika Shamba la Mwingine: Lini Familia Inaweza Kudai Hati

Katika kaunti za Pwani ya Kenya kuna mashamba ambayo mwenye hati hajaonekana kwa miongo kadhaa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ukanda wa pwani wajitokeze kuandikisha madai yao. Waliowahi walipata hati, na wengi wa waliokuwa wakilima bila kuandikisha walijikuta maskwota katika ardhi ya mababu. Baadaye baadhi ya wenye hati hizo walihama au walifariki, minazi ikazeeka, na familia jirani zikaendelea kulima. Kijitabu hiki ni cha familia kama hizo. Ni cha wenye hati pia, kwa sababu sheria hii ina makali pande zote mbili.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Kifungu cha 7 kinamzuia mwenye ardhi kufungua kesi ya kuirudisha baada ya miaka 12 tangu haki yake ya kushtaki ilipoanza. Miaka hiyo ikiisha, vifungu vya 37 na 38 vinamruhusu aliyeikalia ardhi kuiomba mahakama iamuru aandikishwe yeye. Hadi siku hiyo, jina la zamani hubaki kwenye daftari la ardhi, ila mwenye jina hilo anashikilia ardhi kwa niaba ya mkaaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi iliulizwa kama utaratibu huu unakiuka haki ya kumiliki mali iliyo katika Katiba ya 2010. Ilijibu kwamba haukiuki.

Watu wengi wakisikia hayo husema, "Basi sisi tumeshapita, tumelima miaka 30." Wanakosea mahali pamoja. Mahakama haihesabu miaka uliyolima. Inahesabu miaka tangu mwenye ardhi alipopoteza shamba mikononi mwako bila idhini yake. Tarehe hizo mbili zinaweza kutofautiana kwa miaka mingi, na kesi nyingi huangukia katika pengo hilo.

Familia moja ya mfano

Tuichukue familia ya kubuni katika Kaunti ya Kilifi. Shamba ni ekari 12, lina hati ya zamani, na mwenyewe anaishi ng'ambo. Mwaka 1988 wakala wake mjini alimwajiri baba wa familia kulinda minazi. Baba alijenga kibanda cha udongo na makuti, akalima mihogo na mahindi ya kula, na kila mavuno ya nazi, takriban kila miezi mitatu, alimpelekea wakala hesabu na pesa, akapewa risiti. Risiti ya mwisho ni ya Desemba 1996. Muda mfupi baadaye wakala alifariki na hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yake.

Tangu Januari 1997 baba aliuza nazi kwa faida yake mwenyewe. Alipanda mikorosho na kuzungushia ekari 4 ua. Mwaka 1999 alijenga nyumba ya mawe. Alifariki 2003, wanawe wakaendelea bila kuondoka hata msimu mmoja. Mwaka 2009 mjukuu wa mwenye shamba alikuja na mpima ardhi, akaacha barua ya kuwataka wahame. Hawakuhama. Mwaka 2010, katika ofisi ya chifu, mwana mkubwa alitia saini karatasi akisema familia inakubali kwamba shamba ni la fulani na inaomba kuuziwa ekari 4. Mauzo hayakufanyika. Mwaka 2013 shamba lote liliuzwa kwa kampuni, na mwaka 2018 kampuni ikafungua kesi ya kuwafukuza.

Ukiuliza kijijini, utaambiwa familia imekaa miaka 30, kwa hiyo imeshinda. Twende polepole.

Miaka isiyohesabiwa

Kuanzia 1988 hadi Desemba 1996 hakuna hata siku moja inayohesabiwa. Baba alikuwa pale kwa ruhusa. Mtu anayekaa kwa ruhusa hampingi mwenye ardhi, anamsaidia kuishikilia. Hivi ndivyo ilivyo kwa mlinzi wa shamba, mpangaji, na ndugu aliyekaribishwa. Ndivyo ilivyo pia kwa desturi yetu ya Pwani ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu anajenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Huyo anaweza kukaa miaka 50 asipate hata futi moja. Kila malipo, hata magunia mawili ya nazi kwa mwaka, ni ungamo kwamba mwenye ardhi ni mwingine. Tunalisisitiza hili kwa sababu familia huja na mkoba uliojaa risiti za kodi zikidhani zinathibitisha umiliki. Zinathibitisha kinyume chake.

Basi saa ilianza lini? Hapa ndipo kesi nzima ilipo.

Wakili wa familia atasema ni Januari 1997. Pesa za nazi ziliacha kupelekwa, mikorosho ikapandwa, ua ukawekwa. Mtu asiyetoa hesabu tena, anayepanda mti wa miaka mingi na kufunga mipaka, anaishi kama mwenye mali. Wakili wa kampuni atasema kufa kwa wakala hakukuifuta ruhusa siku ileile. Mlinzi aliyekosa mtu wa kumpelekea hesabu bado ni mlinzi, mpaka afanye tendo ambalo kila mpita njia angeona linampinga mwenye shamba. Kwake tendo hilo ni nyumba ya mawe ya 1999.

Ukianza 1997, miaka 12 inatimia Januari 2009. Ukianza 1999, inatimia 2011. Tofauti ni miaka miwili, lakini karatasi ya chifu ya 2010 inaangukia katikati.

Kifungu cha 23 na cha 24 vinasema mkaaji akikiri kwa maandishi yaliyotiwa saini kwamba ardhi ni ya mwingine, hesabu inaanza upya siku ya ungamo hilo. Kama saa ilianza 1999, karatasi ya 2010 iliikuta mwaka wa 11 na kuirudisha sifuri. Miaka 12 mipya ingetimia 2022, na kampuni ilishtaki 2018. Familia inashindwa. Kama saa ilianza 1997, haki ilikuwa imeshakamilika karatasi ilipotiwa saini, na kwa kanuni ungamo la baadaye haliwezi kufufua haki iliyokwisha kufa. Hata hivyo, kampuni itaitumia karatasi hiyo kuonyesha kwamba familia haikuwahi kujiona mwenye shamba. Jaji atalipima hilo.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini chochote kwa chifu, kwa mzee wa mtaa au mbele ya wakala wa mauzo, pata ushauri wa wakili kwanza. Maneno "tunaomba kuuziwa" yameangusha watu ambao kila kitu kingine kilikuwa upande wao.

Barua, mauzo na kifo

Kampuni itataja barua ya 2009. Barua haisimamishi saa. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba mwenye ardhi anaikatiza miaka kwa kufungua kesi, au kwa kuingia shambani na kulishika kwa kweli. Kuja asubuhi na mpima ardhi, kupiga picha na kuondoka jioni hakutoshi. Mwenye hati anayesoma hapa alizingatie hilo: barua tano za wakili ndani ya miaka 12 zina nguvu ndogo kuliko kesi moja iliyofunguliwa mwaka wa 11.

Mauzo ya 2013 nayo hayaanzishi hesabu mpya. Haki inayotokana na miaka ya kukalia ardhi humfuata mnunuzi hata kama haijaandikwa kwenye hati. Inatambuliwa katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hatosheki na sachi ya ofisi ya ardhi. Anakwenda shambani aone moshi wa nani unafuka.

Kifo cha baba 2003 hakikuvunja mnyororo, kwa kuwa wanawe walibaki. Wangehamia Mombasa na shamba likalala bila mtu, kifungu cha 13 kingefuta miaka yote iliyotangulia, na anayerudi angeanza moja.

Kabla ya kwenda mahakamani

Hatua ya kwanza ni sachi, nayo hugharimu kidogo kuliko kesi yoyote. Sachi itakuonyesha kama ardhi ni ya mtu binafsi. Ikiwa ni ya Serikali au ya kaunti, kifungu cha 41 kinafunga mlango, hata ukikaa miaka 60. Wakazi wa ardhi hiyo wanahitaji mpango wa makazi wa Serikali, na hiyo ni njia tofauti kabisa. Tazama pia tarehe ya usajili wa kwanza. Shamba lililokuwa la Serikali hadi 2005 halihesabiwi kabla ya 2005.

Hatua ya pili ni mpima ardhi. Familia yetu ilishika ekari 4 kati ya 12. Mahakama haiwezi kutoa "sehemu ile ya mikorosho". Inahitaji ripoti na ramani inayoonyesha ekari hizo zilipo, ua ulipopita, na umri wa nyumba na miti. Mkorosho wa miaka 20 ni shahidi asiyetishika. Madai yakizidi kile kilichoshikwa, kwa mfano familia ikidai ekari zote 12 ilhali 8 ni msitu usioguswa, jaji huanza kutilia shaka hata zile 4.

Kesi hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa Kilifi, watu wengi huenda Malindi. Agizo la 37, kanuni ya 7 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, linataka ombi liambatane na hati ya kiapo na nakala iliyothibitishwa ya daftari la ardhi. Ombi huweza kukwama kwa kukosa nakala hiyo tu. Chifu na baraza la wazee hawana uwezo wa kutoa ardhi kwa njia hii, ingawa ushahidi wao wa nani alilima wapi na lini una thamani kubwa. Ikiwa umeshtakiwa kwanza kama familia hii, usingoje hukumu. Wasilisha dai lako ndani ya kesi hiyohiyo. Kujitetea tu kunaweza kuzuia ufukuzwe, lakini hakukupi hati.

Ukishinda, unapata amri inayomwelekeza msajili wa ardhi. Kwa ekari 4 kati ya 12, shamba lazima ligawanywe kwanza: mpima anatoa namba mpya za viwanja, hati ya zamani inafutwa, na hati mbili zinatolewa. Gharama za upimaji na ada za usajili kwa kawaida huwa juu ya aliyeshinda, na ni vyema familia ianze kuchanga mapema.