Kwa Nini Boriti ya Chaneli Hujisokota Chini ya Magunia ya Majani Chai

Senta ya kupokea majani chai, iwe upande wa Litein au wa Mogogosiek, huhitaji mahali pa kutundika magunia yakisubiri lori, kwa sababu majani mabichi yakirundikwa chini hupata joto na kubadilika rangi kabla hayajafika kiwandani. Kamati ikimwita fundi wa kuchomelea aweke boriti ya chuma, mara nyingi yeye huchagua chaneli. Bei yake si mbaya, ni nyepesi kubeba, na uso wake bapa ni rahisi kufungia boliti. Huchomelea kulabu katikati ya ubawa wa chini, magunia yakatundikwa, na baada ya muda watu wanaona kwamba chuma kimelala upande. Wengi hudhani ni chembamba mno, wakanunua kinene zaidi. Lakini tatizo lenyewe haliko kwenye unene. Liko mahali uzito unapopita.

Tutaje kwanza sehemu za chaneli. Ina bamba moja lililosimama, nitaliita mgongo, na mabamba mawili yaliyolala, la juu na la chini, ambayo ni mbawa. Mbawa zote mbili zinaelekea upande mmoja, na huo ndio upande wa wazi. Upande wa pili hakuna kitu. Boriti yenye umbo la herufi I ina mbawa pande zote mbili za mgongo, kwa hiyo linalotokea kulia linasawazishwa na linalotokea kushoto. Chaneli haina cha kuisawazisha.

Boriti inapobeba mzigo, ubawa wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Mbano huo haulingani kote: kwenye ncha karibu na nguzo ni sifuri, katikati ya boriti ni mkubwa. Maana yake ni kwamba ubawa unaendelea kuongezewa nguvu hatua kwa hatua, na nguvu hiyo hutoka kwenye mgongo, ikiingia kupitia pale ubawa ulipoungana nao. Chuma hakiwezi kupokea mkazo wa mkato kwa urefu wa boriti bila kuwa na mkazo wa mkato ulio sawa na huo kwa upana wa ubawa. Ndiyo sababu ndani ya kila ubawa kuna nguvu inayosukuma kwa mlalo. Katika ubawa mmoja inaelekea nje, kwenye ukingo; katika mwingine inaelekea ndani, kwenye mgongo. Nguvu mbili zilizo sawa, zinazopingana, na zilizoachana kwa kimo cha chaneli, huzungusha.

Mgongo peke yake unaweza kuushika uzito usianguke. Hauwezi kuuzuia mzunguko huo. Ukizijumlisha nguvu zote tatu, ya mgongo na za mbawa mbili, jumla yake ni nguvu moja inayosimama wima, ila haipiti kwenye mgongo. Inapita nyuma yake, upande ule usio na mbawa, hewani ambako hakuna chuma. Mahali hapo wahandisi hupaita kitovu cha mkato. Mzigo ukishuka kwenye mstari huo, boriti inapinda kwenda chini tu. Ukishuka mahali pengine popote, hata kwenye mgongo wenyewe, inapinda na kujisokota pamoja.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua wahandisi wakubwa. Mwaka 1909 Mjerumani Carl von Bach alichapisha majaribio yake ya boriti za chaneli, na vipimo vyake havikukubaliana na hesabu ya kawaida ya kupinda. Mwaka 1921 Robert Maillart, Mswisi anayejulikana zaidi kwa madaraja yake ya zege, ndiye aliyeeleza wazi kwamba kuna nukta hiyo nje ya chuma na kuipa jina.

Kwa chaneli yenye unene mmoja kote, umbali wa kitovu hicho kutoka katikati ya mgongo ni huu:

```
e = 3b² / (h + 6b)
```

Hapa `b` ni upana wa ubawa ukipimwa kutoka katikati ya unene wa mgongo, na `h` ni kimo kutoka katikati ya ubawa mmoja hadi katikati ya mwingine. Angalia kwamba unene haumo kabisa. Ukinunua chaneli nene zaidi yenye umbo lilelile, kitovu kinabaki palepale, na mzigo unaendelea kuisokota. Msokoto utapungua, lakini hautaisha.

Tuchukue chaneli ya kukunjwa ya milimita 100 kwa 50, unene 4. Ukitoa unene, `h` ni 96 na `b` ni 48, na `e` inakuwa milimita 18 kamili. Kitovu cha uzito wa chuma chenyewe kiko milimita 12 kutoka katikati ya mgongo, lakini upande wa wazi. Vitovu hivi viwili vimeachana kwa milimita 30, na fundi anayelenga kitovu cha uzito akidhani ndipo pa kutundikia anaongeza msokoto badala ya kuupunguza.

Tuseme boriti hiyo ina urefu wa mita 3, ncha zote mbili zimeshikwa zisizunguke, na imebeba magunia 20 ya kilo 10 yaliyosambazwa sawasawa. Jumla ni kilo 200, yaani karibu nyutoni 2000. Kwa kupinda, katikati itashuka milimita 3 hivi, na hakuna jicho litakalogundua. Karibu na nguzo mgongo unabeba nyutoni 1000, na kila ubawa unasukumwa kando kwa nyutoni 187.5. Zidisha 187.5 kwa kimo cha 96, upate 18,000; zidisha 1000 kwa umbali wa 18, upate namba ileile. Hesabu inajifunga.

Sasa tuone mahali pa kutundikia. Uzito ukipita kwenye mgongo, mkono wa msokoto ni milimita 18, na katikati ya boriti itazunguka karibu nyuzi 2. Kulabu zikiwa katikati ya ubawa wa chini, kama mafundi wengi wanavyofanya, mkono ni 18 kujumlisha 24, yaani 42, na mzunguko unazidi nyuzi 4 na nusu. Hilo unaliona kwa macho: ubawa wa juu unainamia upande wa wazi, wa chini unatokeza kuelekea mgongoni, na kulabu zimeelekea upande. Mkazo wa kupinda kwa mzigo huu ni mdogo sana kwa chuma cha kawaida, kwa hiyo boriti haitavunjika kesho. Kitakachotangulia kuteseka ni boliti za kwenye nguzo na maungio ya kuchomelea, kwa sababu ndiyo yanayoushika mzunguko wote.

Kupima, tumia timazi. Shikilia uzi upande wa mgongo, ukiwa umeachana na chuma kwa kibao cha milimita 20 pale juu, kisha pima nafasi iliyobaki chini kabla ya kutundika na baada ya kutundika. Kwa mfano wetu wa kulabu kwenye ubawa, nafasi ya chini itapungua kwa milimita 8 hivi. Pima katikati ya boriti na tena kwenye ncha. Ncha ikizunguka pia, hilo ni tatizo jingine: ungio la nguzoni limelegea, au boriti imewekwa juu ya ukuta bila kufungwa.

Anayetaka kukiona kitovu chenyewe anaweza kufanya jaribio dogo kwenye karakana. Kunja bati la milimita 1.5 liwe chaneli ya umbo hilohilo, urefu wa mita 1. Ncha moja ichomelee kwenye bamba nene lililobanwa imara, na kwenye ncha nyingine chomelea ufito bapa uliolala, utokeze pande zote mbili za mgongo kama sentimita 30. Tundika kilo 10 kwenye ufito, kwenye mstari wa mgongo, na pima kimo cha ncha mbili za ufito kutoka sakafuni. Upande wa wazi utashuka. Sogeza uzito kidogo kidogo kuelekea nyuma ya mgongo. Patatokea mahali ambapo ncha zote mbili zinashuka sawa, na ukipima utajikuta karibu na milimita 18. Ukipapita, ufito unainamia upande wa pili.

Dawa ya boriti ya magunia inatokana moja kwa moja na jaribio hilo. Chomelea vipande vya bamba upande wa mgongo, kila kimoja kikishika kimo chote cha mgongo ili chuma kisibonyee, na toboa tundu la kulabu milimita 16 kutoka uso wa mgongo (zile 18 kutoka katikati, toa nusu ya unene). Magunia yatundikwe upande huo. Ni kazi ya saa chache, na haihitaji chuma kipya.

Kwa jengo jipya mimi ningependelea tubu ya mstatili ya 100 kwa 50 kwa 4. Inaongeza chuma kwa karibu nusu, lakini kwa kuwa imefungwa pande zote, ugumu wake dhidi ya msokoto ni zaidi ya mara 250 ya ule wa chaneli, na kitovu chake kiko katikati kabisa. Chaneli mbili zilizochomelewa mgongo kwa mgongo pia zinarudisha ulinganifu, mradi mzigo upite katikati yake. Kuilaza chaneli ili mgongo uwe mlalo kunaondoa msokoto, ila kunapunguza ugumu wa kupinda zaidi ya mara sita, na zile milimita 3 zinakuwa 19.

Fomula ile ina mipaka. Chaneli nzito za kuviringishwa kiwandani mara nyingi huwa na mbawa nene kwenye shina na nyembamba ukingoni, na kitovu chake husomwa kwenye jedwali la mtengenezaji. Chaneli za paa zenye midomo iliyokunjwa ndani zina kitovu kilicho mbali zaidi nyuma ya mgongo kuliko fomula inavyosema.

Na paa ndiko kwenye chaneli nyingi zaidi. Kericho na Bomet hunyesha mvua ya mawe ambayo hulundikana juu ya mabati. Mabati yaliyofungwa vizuri huzuia sehemu ya msokoto, lakini wakati wa ujenzi, kabla hayajafungwa, chaneli iko peke yake na fundi anakanyaga juu yake. Elekeza upande wa wazi juu, kwenye kilele cha paa. Kwa paa la nyuzi 15 na chaneli ya mfano wetu, uzito unaokanyaga katikati ya ubawa wa juu hushuka wima ukikikaribia kitovu, na mkono unakuwa kama milimita 28. Ukiielekeza chini, kwenye mchirizi, unafika kama 54.