Duka Likiungua Leo, Utalipwa Ngapi?

Mtu anaweza kulipa ada ya bima kila mwaka bila kukosa, duka liungue, madai yakubaliwe, na bado alipwe nusu tu ya hasara. Hapo huwa hajadanganywa na yeyote. Ni hesabu iliyokuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, ila hakuelezwa au hakuuliza. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo, na jinsi akiba ya dharura inavyoziba mapengo ambayo bima haiyafikii.

Chukua mfano wa mama mwenye duka la rejareja Mtwapa. Anauza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vitu vingine vya nyumbani. Duka ni la kupanga. Kwa kawaida bidhaa zilizomo humgharimu Sh400,000 kuzinunua. Mwenye nyumba ana bima, naye mama huyo kwa muda mrefu alidhani inamkinga. Haimkingi. Bima ya mwenye nyumba hulipia jengo lake, yaani kuta, paa na milango. Bidhaa na rafu za mpangaji ni mzigo wa mpangaji mwenyewe.

Alipoelezwa hivyo, aliamua kukata bima yake. Wakala alipomuuliza thamani ya bidhaa, alitaja Sh200,000 ili ada iwe ndogo. Tuseme kampuni ilitoza asilimia 1 kwa mwaka. Alilipa Sh2,000 badala ya Sh4,000, akaona ameokoa Sh2,000.

Hesabu baada ya moto

Miezi saba baadaye, hitilafu ya umeme katika kibanda jirani ikawasha moto. Majirani na wazimamoto waliuzima kabla haujamaliza duka lote. Bidhaa za Sh160,000 ziliharibika. Kwa kuwa bima yake ilikuwa ya Sh200,000, mama huyo alitarajia kulipwa Sh160,000 zote.

Mkadiriaji hasara aliyetumwa na kampuni alipitia daftari na risiti, akakuta kwamba siku ya moto dukani mlikuwa na bidhaa za Sh400,000. Mwenye duka alikuwa amekatia bima nusu tu ya mali yake. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu kinachosema kwamba mtu akikatia bima sehemu ya thamani, atahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiasi cha bima. Hesabu yake ni hii: kiasi cha bima hugawanywa kwa thamani halisi ya mali, kisha jibu huzidishwa kwa hasara.

Kwa duka hili, Sh200,000 gawanya kwa Sh400,000 ni nusu. Nusu ya hasara ya Sh160,000 ni Sh80,000. Bado kuna makato mengine. Mkataba wake ulisema kwamba katika kila dai, Sh10,000 za kwanza ni za mwenye bima. Kwa hiyo alilipwa Sh70,000.

Kama angetaja thamani yote ya Sh400,000, angelipwa Sh160,000 kasoro Sh10,000, yaani Sh150,000. Zile Sh2,000 alizookoa kwenye ada zilimgharimu Sh80,000.

Duka hili ni la mfano, na viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Lakini njia ya kukokotoa ndiyo hiyo, na kila mwenye bima anaweza kujipigia hesabu yake nyumbani kwa kalamu na karatasi.

Thamani gani itajwe?

Thamani inayotakiwa ni bei ya kununulia bidhaa, si bei ya kuuzia. Bima ya moto hurudisha mali iliyoharibika. Faida ambayo ingepatikana haimo, isipokuwa mtu akate bima nyingine ya kukatizwa kwa biashara. Anayetaja bei ya kuuzia hulipa ada ya ziada bila kupata chochote zaidi.

Jambo la pili ni msimu. Duka lenye bidhaa za Sh400,000 mwezi Machi huenda likawa na za Sh600,000 mwezi Desemba. Moto ukitokea Desemba, kipimo kitakuwa zile Sh600,000. Kabla ya kujaza duka kwa ajili ya sikukuu, mwenye biashara aiarifu kampuni kwa maandishi na kuomba kiasi kiongezwe kwa miezi hiyo.

Thamani hiyo lazima iweze kuthibitishwa. Daftari likiungua pamoja na duka, mkadiriaji hana cha kushika. Njia rahisi ni kuhesabu bidhaa mara moja kwa mwezi, kupiga picha ya rafu, ya ukurasa wa daftari na ya risiti za jumla, kisha kuzituma kwa simu ya mtu wa nyumbani.

Wizi upi hulipwa?

Bima ya moto haigusi wizi. Bima ya wizi wa kuvunja hukatwa kando au huongezwa kwenye mkataba mmoja wa biashara, nayo kwa kawaida hudai dalili za nguvu: kufuli iliyokatwa, dirisha lililovunjwa, paa lililotobolewa. Mlango ukiachwa bila kufungwa, au mtu akijifanya mteja na kuondoka na katoni, dai hilo huenda likakataliwa. Wizi wa mfanyakazi una bima yake ya uaminifu wa wafanyakazi. Pesa taslimu zilizolala dukani nazo kwa kawaida hazihesabiwi kuwa bidhaa. Zinahitaji kutajwa peke yake.

Mafuriko na ghasia pia si jambo la kudhania. Kabla ya kulipa, mwenye duka aombe aonyeshwe kwenye mkataba mahali yalipoandikwa majanga yanayolipwa na yale yasiyolipwa. Kama jibu la wakala halimo kwenye karatasi, lisihesabiwe.

Akiba ya dharura inaziba nini?

Turudi kwa mama wa Mtwapa. Hata angekata bima kamili, zingebaki Sh10,000 za kwanza ambazo ni zake. Pia kuna muda wa kusubiri. Madai huchukua wiki, pengine miezi, kabla ya kulipwa, na katika muda huo kodi haisimami wala msaidizi hawezi kuambiwa asile. Kisha kuna hasara ambazo hakuna mkataba unaozifikia, kama ule wizi wa mteja wa uongo au mwenye duka kulazwa hospitalini.

Kiasi cha akiba hupatikana kwa kujumlisha gharama ambazo lazima zilipwe hata duka likiwa limefungwa. Kwake yeye, kodi ni Sh12,000, mshahara wa msaidizi Sh17,000, na umeme, maji na mengineyo Sh4,000. Jumla ni Sh33,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni Sh99,000. Akiongeza zile Sh10,000 za kwenye mkataba, lengo lake ni Sh109,000. Akiweka Sh300 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi atakuwa na Sh7,800, na atafikia lengo baada ya takriban miezi 14.

Mahali pa kuweka pesa hizo ni muhimu sawa na kiasi chenyewe. Zisikae dukani, maana moto unaounguza bidhaa utaunguza na kibubu. Chama cha mzunguko hakifai kwa kazi hii, kwa sababu dharura haingoji zamu. Amana za uanachama katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo pia si akiba ya dharura: kwa kawaida hazitolewi mpaka mtu ajiondoe uanachama, na akiwa amemdhamini mwenzake, zinaweza kushikiliwa. Vyama vingi vina akaunti nyingine ya kuweka na kutoa; hiyo ndiyo ya kutumia, au akaunti ya benki isiyochanganywa na pesa za mauzo.

Kwa wanaofanya kazi kwenye vibanda vya mbao na mabati, hali ni ngumu zaidi. Soko la Gikomba jijini Nairobi limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kampuni za bima zinajua hatari ya vibanda vilivyobanana. Baadhi hukataa na nyingine hutoza ada ya juu. Aliyekataliwa atategemea akiba kwanza, na njia nyingine ya kupunguza hasara ni kutolaza mzigo wote kibandani. Theluthi moja ikiwekwa mahali pengine usiku, moto mmoja hautamaliza mtaji wote.

Kulipa na kudai

Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi si bima. Ada ilipwe moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya kampuni, si kwa simu ya wakala, na risiti itunzwe. Jina la kampuni na la wakala lithibitishwe kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mamlaka hiyo ndiyo pia hupokea malalamiko ya mwenye bima aliyeshindwa kuelewana na kampuni.

Hasara ikitokea, kampuni iarifiwe siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Ripoti itolewe katika kituo cha polisi na nambari ya kuandikishwa ichukuliwe. Kama ni moto, ripoti ya zimamoto iombwe kwa idara ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeiweka huduma ya zimamoto chini ya serikali za kaunti. Mabaki yasifagiliwe wala kutupwa kabla ya mkadiriaji kuyaona. Bidhaa nzima zinaweza kuhamishwa zisiibwe, baada ya kupigwa picha mahali zilipokuwa.

Kwa aliye na bima tayari, kazi ya wiki hii ni moja: atoe mkataba, aangalie kiasi kilichoandikwa, kisha ahesabu bidhaa zilizomo dukani kwa bei ya kununulia. Kiasi cha mkataba kikiwa chini ya jumla hiyo, aiandikie kampuni kabla ya Jumatatu.