Kabari na Vistari: Usomaji wa Mchoro wa Alanini

Katika mchoro wa alanini, mistari ya kawaida inayotoka kwenye kaboni ya kati kwenda COOH, chini kushoto, na CH3, chini kulia, imo katika bapa la karatasi. Kabari ya NH2, iliyo juu, humjia msomaji; vistari vya H, navyo juu, huenda nyuma. Vifungo hivyo vinne huachana kwa takriban nyuzi 109.5, wala pembe za karatasini zisiaminiwe.

Kwa kuwa H iko nyuma, vikundi vilivyobaki husomwa kwa kipaumbele: NH2, COOH, CH3. Mzunguko huenda kinyume cha saa. Umbo ni S, yaani L-alanini ya protini. Wanaokosea husahau kwamba H ikiwa kwenye kabari, mwelekeo uliosomwa sharti ugeuzwe.