Kutafuta pengo katika soko la maji ya chupa

Swali: Muuzaji mpya wa maji ya chupa Bukoba na Muleba ataionaje nafasi ambayo haijashikwa?

Jibu: Ramani ya soko huanzia madukani. Kwa kila chapa, ziwe za kitaifa kama Kilimanjaro na Uhai au za viwanda vya jirani, huandikwa ujazo, bei na mahali inapouzwa. Bei hugeuzwa kuwa ya lita moja: chupa ya nusu lita ya shilingi 500 ni shilingi 1,000 kwa lita. Kisha huchorwa mistari miwili inayokatana, mmoja wa bei kwa lita, mwingine wa namna maji yanavyomfikia mnunuzi, dukani au mlangoni.

Tuseme chapa zote zimesongamana kwenye chupa ndogo za dukani, na pembe ya madumu ya lita 20 yanayopelekwa Muleba ni tupu. Utupu huo haujawa fursa. Huenda wakazi huchemsha maji yao, au gharama ya usafiri inameza faida, kwani dumu lina kilo 20 za maji na likiwa tupu lazima lirudi. Kipimo cha kweli ni oda zilizolipiwa kabla na hoteli, zahanati na shule. Faida ya oda hizo isipofikia gharama ya safari moja ya gari, pembe hiyo iachwe.