Dondoo muhimu: Kikundi cha kujisomea hesabu kidato cha nne

Muwe wanne au watano. Mkifika wanane, wawili watafanya hesabu na wengine watanakili.

Gawaneni kazi, mbadilishane kila wiki. Kiongozi huchagua maswali matatu ya mitihani iliyopita na kuyatoa siku moja kabla. Mtunza muda hushika saa. Mwandishi huorodhesha makosa, si majibu.

Asiyejaribu hafundishwi. Kila mmoja aje na alichofanya kwenye daftari, hata kama kiliishia njiani. Simu zote zikae kwenye begi moja.

Swali moja, dakika 25. Tano za kulirudia kimya, kumi na tano za mmoja kueleza ubaoni, tano za kulifanya upya daftari zikiwa zimefungwa. Anayeanza kueleza ni yule aliyekwama, siyo bingwa wa darasa. Tuseme ameandika (x + 3)² = x² + 9. Msimkatize; mwambieni aweke x = 1. Upande mmoja atapata 16, mwingine 10. Hapo ataona mwenyewe kwamba 6x imesahaulika.

Mkikwama dakika kumi, liandikeni swali kwa ajili ya mwalimu, mwendelee. Soga ikianza, mtunza muda aulize tu: "Tuko hatua ya ngapi?"

Dalili ya kuharibika: wote wanaitikia "nimeelewa", lakini daftari zikifungwa ni mmoja tu anayemaliza. Hapo punguzeni maswali, msiongeze saa.