Keki ya Sufuria: Namna ya Kugawa Moto

Keki huiva kwa joto linaloizunguka pande zote. Sufuria iliyo juu ya jiko hupata joto la chini tu, ndiyo maana keki nyingi za sufuria huungua kitako huku katikati zikiwa bado mbichi. Ukijua kugawa moto, keki itaiva sawasawa.

Mahitaji
- Unga wa ngano robo kilo
- Sukari gramu 150
- Siagi gramu 150
- Mayai 3
- Maziwa nusu kikombe
- Beking pauda vijiko vidogo 2
- Iliki kiasi

Kutayarisha
Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nene. Funika, uweke motoni kwa dakika 10. Mchanga huzuia ukali wa moto usifike moja kwa moja kwenye keki.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zilainike na kuwa nyeupe. Tia yai moja moja huku ukipiga. Changanya unga, beking pauda na iliki, kisha utie kidogo kidogo pamoja na maziwa. Mimina kwenye sufuria ndogo isiyo na masikio, iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga. Isizidi nusu, maana keki itaumuka. Iweke juu ya mchanga.

Jiko la mkaa
Acha makaa machache chini, yaliyokwisha kushika majivu. Mengine yapalie juu ya mfuniko wa bati, kama upaliavyo wali: sehemu mbili juu, moja chini.

Jiko la gesi
Washa moto mdogo kabisa. Funga kitambaa safi upande wa ndani wa mfuniko kinywe mvuke, na ncha zake uzifunge juu, mbali na moto. Keki hii huiva vizuri, ila uso wake hubaki mweupe kwa kuwa hakuna moto wa juu.

Kutambua hali ya keki
Usifunue kabla ya dakika 30. Joto likitoka mapema, keki hubonyea katikati. Ukisikia harufu ya kuungua mapema, punguza moto wa chini. Uso ukiwahi kukauka na kupasuka, punguza makaa ya juu. Baada ya dakika 40 hivi, choma katikati kwa kijiti. Kikitoka na ujiuji, funika tena kwa dakika 10. Kikitoka kikavu, epua, uache ipoe kidogo kabla ya kuipindua.

Tahadhari
Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Okea nje au barazani, kamwe usiokee chumbani. Usimwage maji kwenye mchanga wa moto. Uache upoe, nao utautumia tena.